Kope zimevimba asubuhi, mkojo una povu: jinsi ya kujua kama figo za mtoto zinavuja

Mtoto akiamka macho yamevimba hadi yamebaki vijistari, wengi wetu hapa Nairobi tunalaumu vumbi au baridi ya Julai. Ananunuliwa piritoni kwenye duka la dawa, pengine na matone ya macho juu yake. Ikifika saa sita mchana uvimbe umepungua, mzazi anaamini dawa imefanya kazi, na kesho yake asubuhi mambo ni yale yale. Hali hii inaweza kuendelea kwa wiki kadhaa kabla mtu yeyote hajauliza habari za mkojo.

Kumbe uvimbe ule haukuondolewa na dawa. Umeshuka tu. Mtoto anapolala chali usiku kucha, maji yaliyozidi mwilini hutafuta mahali palipo laini na palipolegea, na ngozi ya kope ndiyo laini kuliko zote. Akiamka na kuanza kukimbia huku na huko, maji yale yale huteremka miguuni, tumboni na, kwa mvulana, kwenye mfuko wa korodani. Kwa hiyo kope zikinywea mchana, angalia vifundo vya miguu jioni kabla hujasema mtoto amepona.

Maji hayo yanatoka wapi? Figo ina vichujio vidogo mno ambavyo kazi yao ni kupitisha maji na uchafu huku vikizuia protini za damu zisitoke. Protini iliyo nyingi kuliko zote miongoni mwa hizo ni albumini, na ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa. Vichujio vikianza kuvuja, albumini hupotelea kwenye mkojo. Hapo mambo mawili hutokea pamoja: mkojo unaobeba protini nyingi hutoa povu, na damu iliyopungukiwa na albumini huyaacha maji yatoroke kuingia kwenye nyama za mwili. Figo nazo, zikihisi damu imepungua ujazo, hushikilia chumvi na maji zaidi. Ndiyo sababu dalili hizi mbili, kila moja peke yake ikiwa jambo dogo, zikikutana kwa mtoto mmoja daktari hufikiria figo kwanza. Ugonjwa wenyewe huitwa sindromu ya nefrotiki. Huwapata zaidi watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka kumi, na wavulana wadogo huugua zaidi kuliko wasichana.

Anza na macho, soksi na kadi ya kliniki

Mzio (aleji) huwasha. Mtoto hujikuna, hupiga chafya, macho huwa mekundu na hutoa machozi. Maambukizi ya macho huleta tongotongo. Uvimbe wa figo hauna lolote kati ya hayo: jicho lenyewe ni jeupe, haliwashi, kope zote mbili zimejaa kwa usawa, na mtoto anaweza kuwa anacheza kama kawaida.

Jioni mvue soksi. Alama ya mpira wa soksi ikiwa imezama kama mfereji na inakawia kuondoka, hiyo ni dalili. Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, uhesabu polepole hadi kumi, kisha uachilie. Kikibaki kishimo, kuna maji chini ya ngozi.

Halafu chukua kijitabu chake cha kliniki uangalie uzani wa mwisho. Uzani ndio ushahidi ambao watu huusahau, kwa sababu mtoto anayejaa maji huonekana amenona. Bibi anasifu mashavu, jirani anauliza anakula nini, kumbe suruali inabana kiunoni kwa maji. Mtoto wa miaka minne huongeza takriban kilo mbili kwa mwaka mzima. Akiongeza kilo mbili ndani ya wiki mbili, hizo si nyama.

Povu lipi ni povu

Mkojo wowote ukishuka kwa kasi hutoa mapovu. Yale ya kawaida ni makubwa, machache, na hupasuka upesi. Povu la protini ni dogo dogo, jeupe, limeshikana kama la maji ya sabuni, na bado lipo juu ya mkojo dakika kadhaa baadaye.

Choo si mahali pazuri pa kuamulia. Cha shimo hakionyeshi kitu, na cha kuvuta mara nyingi kina mabaki ya dawa ya kusafishia ambayo hufanya povu hata kwa mkojo safi kabisa. Tumia poti au kopo la plastiki linaloonyesha ndani, ulilosuuza kwa maji mengi mpaka harufu ya sabuni iishe. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, mara tu anapoamka. Uweke mahali penye mwanga, uangalie povu, kisha uangalie rangi.

Rangi ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mkojo wa njano wenye povu unaelekeza kwenye uvujaji wa protini. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya koka una damu, na hapo tunawaza ugonjwa mwingine: kuvimba kwa vichujio kunakofuata maambukizi ya koo ya wiki moja hadi tatu zilizopita, au vidonda vya ngozi vya hadi wiki sita nyuma. Huo nao huvimbisha kope asubuhi, lakini hatari yake iko kwenye presha inayopanda ghafla na inaweza kuleta degedege. Mtoto mwenye mkojo wa rangi hiyo hangoji kesho.

Kijiti cha mkojo

Hapa ndipo shaka huisha au huthibitika, na kipimo chenyewe ni rahisi mno. Dipstiki, kijiti cha karatasi chenye vibao vya rangi, iko katika maabara za vituo vya afya na katika kliniki nyingi za mitaani. Ukifika usiseme tu "mtoto anavimba macho", maana utapewa dawa ya macho. Sema: "Naomba apimwe protini kwenye mkojo." Ukiweza beba mkojo wa kwanza wa asubuhi ndani ya chupa safi, na ufike nao ndani ya saa moja au mbili.

Mkojo wa asubuhi unapendelewa kwa sababu mbili. Umekaa usiku kucha, kwa hiyo ni mzito, hauna maji mengi ya kuficha protini. Tena kuna watoto, hasa wakubwa, ambao figo zao hupitisha protini kidogo wanaposimama na kutembea, bila ugonjwa wowote, wakilala inakoma. Mkojo wa mchana ungewatia hofu bure.

Kibao cha protini husomwa baada ya muda ulioandikwa kwenye chupa ya vijiti, kwa kawaida sekunde 60. Njano maana yake hakuna. Kadiri rangi inavyogeukia kijani ndivyo protini inavyozidi, kuanzia alama ya chembe, halafu 1+ hadi 4+. Alama ya 1+ inaweza kuletwa na homa au mbio, hivyo hurudiwa mtoto akitulia. Alama ya 3+ au 4+ kwa mtoto aliyevimba haina maelezo mengi: ni figo mpaka ithibitike vinginevyo. Ikiwa hakuna protini kabisa, figo karibu zinaondolewa lawamani, na daktari atageukia moyo, ini au lishe. Uvimbe wa utapiamlo, kwa mfano, huanzia miguuni, na mtoto huwa amekonda mikono, nywele zimefifia na hana raha.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tumchukue mvulana wa miaka minne kutoka Kayole, tumwite Baraka. Si mtoto mmoja. Nimemuunganisha kutokana na wengi wanaofanana. Kope zilikuwa zimevimba kwa siku kumi, na alikwisha kumaliza chupa mbili za dawa ya mzio. Kijitabu kilisema kilo 16 mwezi uliopita. Mizani ya siku ile ilisema 18.4. Hizo kilo 2.4 ni zaidi ya lita mbili za maji. Kijiti kilisoma protini 4+, damu hakuna. Presha ilikuwa ya kawaida kwa umri wake.

"Sista, lakini anakula vizuri na hana homa," mama yake alisema.

"Ndiyo, Mama Baraka. Ugonjwa huu haumlazi mtoto mwanzoni. Ndiyo maana tunautafuta kwenye mkojo."

Kutoka hapo alipewa barua ya rufaa. Kwa anayeishi upande wa Eastlands mara nyingi hospitali ya karibu ni Mama Lucy Kibaki. Wa upande mwingine wa mji huenda Mbagathi, na wenye hali ngumu zaidi huishia kwa wataalamu wa figo za watoto, kama walioko Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Beba kijitabu cha kliniki, majina ya dawa zote alizokwisha kutumia, za mitishamba zikiwamo, na hakikisha mtoto ameandikishwa chini ya mzazi kwenye SHA kabla ya siku ya miadi, kwa sababu kulitatua hilo dirishani kunakula asubuhi nzima.

Hospitalini hupimwa kiasi cha protini kikilinganishwa na kreatinini, uchafu wa mwili ambao figo huutoa, kwenye mkojo ule ule. Mtoto mzima huwa chini ya 0.2, katika sindromu ya nefrotiki huvuka 2. Kwenye damu hutazamwa albumini, ambayo ya Baraka ilikuwa gramu 16 kwa lita wakati ya mtoto mzima ni kama 35 kwenda juu. Kolesteroli huwa imepanda, kwa sababu ini linapohangaika kuziba pengo la albumini huzalisha mafuta pia. Usikimbilie kumnyima mtoto chakula kwa sababu ya tarakimu hiyo. Kreatinini ya damu huonyesha kama figo bado zinasafisha, na kwa wengi iko sawa. Homa ya ini aina ya B, virusi vya ukimwi na dalili za kifua kikuu huangaliwa kabla ya matibabu, maana dawa inayokuja hupunguza kinga, na virusi hivyo vyenyewe vinaweza kuumiza figo.

Kuna swali moja ambalo hapa kwetu halikosi maana: je, nyumbani kuna krimu ya kung'arisha ngozi? Mwaka wa 1972 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Nairobi walichapisha taarifa kuhusu watu wazima wenye ugonjwa huu huu, na wengi miongoni mwao walikuwa wakijipaka krimu zenye zebaki. Zebaki hupenya ngozini hadi kwenye figo. Mtoto anaweza kuipata kwa kupakwa, au kwa kushikwa na kulala na anayejipaka. Ukiulizwa, sema ukweli, hakuna atakayekuhukumu.

Dawa na siku za kungoja

Kwa mtoto wa umri wa Baraka, mwenye presha nzuri, asiye na damu ya kuonekana kwenye mkojo na ambaye kreatinini yake ni ya kawaida, hakuna haja ya bayopsi, yaani kuchukua kipande kidogo cha figo na kukipima. Chanzo huwa mara nyingi ni aina nyepesi, ambayo vichujio vikitazamwa kwa hadubini ya kawaida huonekana kama havina kasoro, na ambayo husikia dawa iitwayo prednisoloni. Kati ya watoto kumi hivi, wanane au zaidi huitikia.

Hesabu hufanywa kwa uzani wa mtoto bila maji, yaani kilo 16 na si 18.4. Kipimo cha kawaida ni miligramu 2 kwa kila kilo kwa siku, kisichozidi 60, hivyo 32. Kwa vidonge vya miligramu 5 alipewa sita, jumla 30, vyote kwa pamoja asubuhi baada ya uji. Daktari mwingine hupiga hesabu kwa ukubwa wa eneo la ngozi na kupata zaidi kidogo, kwa hiyo usishangae wa jirani akipewa tofauti, wala usikope hesabu hii kumtibu mtoto wako. Dozi ya kila siku huenda wiki nne hadi sita, kisha hupunguzwa na kutolewa siku moja, ya pili inarukwa, kwa wiki nyingine nne hadi sita.

Makosa mawili hutokea katikati ya safari hii. La kwanza ni kuacha vidonge uvimbe unapokwisha. Mwili ukizoea prednisoloni huacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo, na kukatiza ghafla kunaweza kumwangusha mtoto, mbali na ugonjwa kurudi. La pili ni kumpa dawa ya kukojoza kwa ushauri wa jirani. Anaonekana amejaa maji, lakini ndani ya mishipa damu ni pungufu. Ukimkamua zaidi, damu huwa nzito na kuganda, au mzunguko wake hudhoofika kabisa. Dawa hizo zipo hospitalini, hutolewa kwa uangalizi. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki pia ziache; homa itulize kwa parasetamoli, na bado umpeleke.

Nyumbani, Mama Baraka alikata chumvi ya mezani, krispi, soseji na smoki za kando ya barabara, na vikolezo vya pakiti ambavyo karibu vyote ni chumvi. Ugali, sukuma wiki, maharagwe na yai vilibaki kama zamani. Kumrundikia nyama na maziwa ili "kurudisha protini" hakusaidii. Hupita tu kwenye kichujio kinachovuja. Maji ya kunywa hayapunguzwi mpaka daktari aseme.

Siku ya nane Baraka alianza kukojoa mfululizo hadi akalowesha kitanda, jambo aliloliacha zamani. Mama aliogopa, kliniki walifurahi, maana ndivyo maji yanavyotoka. Siku ya 11, 12 na 13 kijiti kilibaki njano. Siku tatu mfululizo bila protini, au na chembe tu, ndizo zinazohesabiwa kuwa ugonjwa umetulia. Uzani ulirudi 16.1. Kama wiki nne hadi sita zingepita kijiti kikiwa bado kijani, au kama angekuwa chini ya mwaka mmoja au zaidi ya miaka 12, mazungumzo ya bayopsi na ya dawa nyingine yangeanza.

Uso wa mtoto anayemeza prednisoloni huwa wa mviringo, hula mno na hukasirika upesi. Wazazi wengi hudhani uvimbe umerudi. Usiamue kwa macho. Mashavu ya dawa hayabadiliki kati ya asubuhi na jioni, na kijiti kitakuambia.

Wakati wa kukimbia hospitali, hata usiku

Homa ikiambatana na maumivu ya tumbo inatisha kuliko zote. Mkojo hupoteza pia protini za kinga, na maji yaliyojaa tumboni huweza kuingiwa na bakteria, hasa nimokokasi. Mtoto hukunja miguu na hataki tumbo liguswe. Saa chache zinaleta tofauti.

Nenda pia akihema kwa shida, zikipita saa 12 nzima bila yeye kukojoa, akitapika huku mikono imepoa na amelegea, akiumwa kichwa sana au akipata degedege, na mguu mmoja ukivimba na kuuma kuliko mwingine, maana hapo damu inaweza kuwa imeganda.

Kuhusu chanjo: ile ya nimokokasi inamfaa, na kama alikosa dozi mwambie daktari. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na rubela, hungojwa wakati yuko kwenye dozi kubwa. Akikaa karibu na mwenye tetekuwanga na yeye hajawahi kuugua, piga simu siku hiyo hiyo, usingoje vipele.

Daftari

Watoto wengi walioitikia dawa hurudiwa na ugonjwa angalau mara moja, mara nyingi baada ya mafua. Kurudi huonekana kwenye kijiti siku kadhaa kabla ya kope, na hiyo ndiyo faida ya kuwa na chupa ya vijiti nyumbani. Ifunge mara tu unapotoa kimoja, kwa sababu unyevu huviharibu, usiiweke kwenye friji, wala usivikate katikati ili vitoshe.

Chora safu nne kwenye daftari la shule: tarehe, kijiti, uzani, vidonge. Pima kila asubuhi wakati wa dozi ya kila siku, kisha mara mbili au tatu kwa wiki akiwa ametulia, na kila siku akiwa na mafua au homa. Mstari mmoja wa Mama Baraka, dozi ikiwa imeshapunguzwa, ulisomeka hivi: "14/8, 1+, kg 16.3, vidonge 5, anakohoa." Kesho yake akapima tena ikawa chembe, na kikohozi kilipokwisha ikawa njano. Haikuwa kurudi. Kurudi ni 3+ au zaidi kwa asubuhi tatu mfululizo. Ikifika hapo, nenda kliniki na daftari mkononi, na vidonge vilivyobaki kabatini viache vilivyo hadi daktari akuandikie upya.